Umeajiri wawili kwa mara ya kwanza: maswali kuhusu NSSF, PAYE na kumbukumbu za mishahara

Maelezo haya ni ya mwajiri binafsi wa Tanzania Bara ambaye jana alikuwa peke yake na leo ana watu wawili wanaosubiri mshahara mwisho wa mwezi. Zanzibar ina mfuko wake wa hifadhi ya jamii, ZSSF, na sheria yake ya kazi, kwa hiyo aliyeko huko asitumie hesabu za hapa.

Nina wafanyakazi wawili tu. Kweli haya yote yananihusu?

Matatu yanakuhusu tangu mfanyakazi wa kwanza. Kuna michango ya NSSF, kuna kodi ya mshahara ambayo kila mtu huiita PAYE na inakwenda TRA, na kuna mchango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachosubiri biashara ikue.

Kisichokuhusu ni SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi ya asilimia 3.5. Hiyo inaanza ukifikisha wafanyakazi kumi. Naitaja kwa sababu waajiri wengi wadogo huisikia kwanza kuliko zote, wanaogopa, na wanaamua kutojisajili popote. Tozo waliyoiogopa haikuwa yao.

Naanzia wapi?

Kwa TRA, ukiwa na TIN ya biashara, unaomba kuongezewa wajibu wa PAYE kwenye akaunti yako ya mlipakodi. Wengi hudhani kuwa na TIN kunatosha, kumbe mfumo haujui kwamba una wafanyakazi mpaka useme. Kwa NSSF unajisajili kama mwajiri na kupewa namba yako, kisha unawaandikisha wafanyakazi. WCF ni usajili mwingine kabisa, hautokani na ule wa NSSF.

Kabla ya siku ya kwanza ya kazi, mwombe kila mfanyakazi namba ya NIDA, TIN yake, na namba ya uanachama wa NSSF kama aliwahi kuajiriwa kwingine. Hili la mwisho lina uzito. Mwanachama habadilishi namba kila anapobadilisha kazi, na ukimfungulia namba mpya wakati ana ya zamani, michango yake itakaa sehemu mbili. Usumbufu wake atauona siku anadai mafao.

Hesabu yenyewe inakwendaje?

Tuchukue watu wawili. Muuzaji ana mshahara ghafi wa shilingi 300,000 kwa mwezi, fundi ana 800,000. Ghafi maana yake ni kabla ya makato yoyote.

Unaanza na NSSF. Mchango wote ni asilimia 20 ya ghafi, ambapo asilimia 10 unaikata kwa mfanyakazi na 10 nyingine unatoa wewe mfukoni mwako. Muuzaji anakatwa 30,000, fundi 80,000.

Pili ndiyo inakuja PAYE, na inatozwa kwenye kiasi kinachobaki baada ya kuondoa mchango wa NSSF wa mfanyakazi. Kwa muuzaji kinabaki 270,000, kwa fundi 720,000. Viwango vya mwezi vilivyoanza Julai 2021 viko hivi: hadi 270,000 hakuna kodi, kinachozidi hapo hadi 520,000 kinatozwa asilimia 8, kinachozidi 520,000 hadi 760,000 ni shilingi 20,000 pamoja na asilimia 20 ya ziada, kinachozidi 760,000 hadi 1,000,000 ni 68,000 pamoja na asilimia 25 ya ziada, na juu ya milioni moja ni 128,000 pamoja na asilimia 30 ya ziada.

Muuzaji ameangukia palepale kwenye mpaka, kwa hiyo halipi kodi. Fundi amezidi 520,000 kwa shilingi 200,000. Asilimia 20 ya hizo ni 40,000, ukijumlisha na zile 20,000 kodi yake ni 60,000.

| | Muuzaji | Fundi | Jumla |
|---|---|---|---|
| Mshahara ghafi | 300,000 | 800,000 | 1,100,000 |
| NSSF ya mfanyakazi | 30,000 | 80,000 | 110,000 |
| Kiasi kinachotozwa kodi | 270,000 | 720,000 | 990,000 |
| PAYE | 0 | 60,000 | 60,000 |
| Anachopokea | 270,000 | 660,000 | 930,000 |
| NSSF ya mwajiri | 30,000 | 80,000 | 110,000 |
| WCF ya mwajiri | 1,500 | 4,000 | 5,500 |

WCF ni asilimia 0.5 ya ghafi, na ni ya mwajiri peke yake. Ukiikata kwenye mshahara wa mtu umevunja sheria, hata kama ni shilingi 1,500.

Sasa angalia fedha inayotoka kwako: 930,000 kwa wafanyakazi, 220,000 NSSF, 60,000 TRA na 5,500 WCF. Jumla ni 1,215,500. Wewe ulijua umeajiri watu wa milioni moja na laki moja. Hiyo tofauti ya 115,500 ndiyo huwashtua wengi mwezi wa kwanza, kwa kuwa haionekani popote kwenye mkataba.

Kuna tofauti gani nikianza na kodi halafu NSSF?

Kubwa kuliko inavyodhaniwa. Ukipiga PAYE ya fundi juu ya 800,000 nzima, anaingia ngazi ya asilimia 25 na kodi inakuwa 78,000. Umemkata 18,000 zaidi, kila mwezi. Muuzaji naye, ambaye hapaswi kulipa kodi kabisa, atakatwa 2,400.

Kosa hili ni rahisi kuligundua kwenye faili la Eksel ulilopewa na rafiki. Weka ghafi ya 300,000 kwenye mstari mmoja. PAYE ikitokea namba yoyote isiyo sifuri, fomula inaanzia pabaya, au faili ni la zamani na linatumia viwango vilivyokwisha.

Na kwa kuwa viwango hubadilika kupitia Sheria ya Fedha, ambayo huanza kutumika tarehe 1 Julai, mshahara wa Julai ndio wa kuukagua kila mwaka kabla hujanakili ule wa Juni.

Tulikubaliana "laki sita mkononi". Nafanyaje?

Hapa ndipo waajiri wapya wanapojifunga bila kujua. Ukisema mkononi, umeahidi kwamba makato yote ni juu yako, na ghafi hujaitaja. Sheria haijui "mkononi", inataka ghafi, kwa hiyo lazima urudi nyuma kuitafuta.

Ni hesabu ya shule. Tuite ghafi G. Ukiondoa NSSF inabaki 0.9G. Tukikisia kwamba yuko ngazi ya asilimia 20, kodi ni 20,000 pamoja na asilimia 20 ya kinachozidi 520,000. Ukiitoa, anachopokea kinakuwa:

```
0.72 × G + 84,000 = 600,000
G = 516,000 ÷ 0.72 = 716,667
```

Hakikisha kwa kurudi mbele. NSSF ni 71,667 kwa kukadiria. Kinachotozwa kodi ni 645,000, na kweli kiko kati ya 520,000 na 760,000, kwa hiyo ngazi tuliyokisia ni sahihi. Kodi ni 20,000 na asilimia 20 ya 125,000, yaani 45,000. Anabaki na 600,000. Kama kiasi kingetua nje ya ngazi hiyo, ungerudia kwa ngazi ya jirani.

Ongeza sasa NSSF ya mwajiri na WCF. "Laki sita mkononi" inakugharimu takriban 791,900 kila mwezi. Kama ulikuwa umepanga 600,000, umekosea bajeti kwa karibu theluthi.

Ushauri wangu ni mfupi: kwenye mkataba andika ghafi, na kwa mdomo mweleze mtu atapokea shilingi ngapi. Ukiandika mkononi, kila kodi ikipanda utaibeba wewe. Na mbaya zaidi, mwajiri anayelipa 600,000 bila kukata chochote hawezi kuja baadaye kusema "hiyo ilikuwa ghafi" kama mkataba haupo. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinasema mwajiri akishindwa kuonyesha mkataba au maelezo ya maandishi ya ajira, mzigo wa kuthibitisha masharti unamwangukia yeye.

Nikiugawa mshahara, nusu nikaiita posho, makato yatapungua?

Hapana. Posho ya usafiri au ya nyumba inayolipwa taslimu kila mwezi, mtu akiitumia apendavyo, ni sehemu ya mapato ya ajira na inaingia kwenye ghafi. Kinachokaa nje ni kurejeshewa gharama halisi za kazi: fundi amenunua kifaa cha ofisi kwa fedha yake, ameleta risiti, umemlipa kiasi kilekile. Hilo ni deni umelilipa na linabaki na risiti yake.

Mfanyakazi mwenyewe hataki kukatwa NSSF. Nikimwandikisha barua ya kukubali?

Barua hiyo haina kazi. Uanachama wa mfuko ni wa lazima kwa mfanyakazi wa sekta binafsi, na wajibu wa kupeleka asilimia 20 yote ni wa mwajiri. Mkaguzi akija miaka miwili baadaye, atakudai wewe fungu lako na la mfanyakazi, pamoja na adhabu ya kuchelewa. Wakati huo aliyekubali kwa barua huenda ameshaondoka.

PAYE iko vivyo hivyo. Usipokata, TRA inakudai wewe kodi uliyopaswa kukata. Sheria inakuruhusu kumdai mfanyakazi baadaye, lakini jaribu kumdai mtu aliyehamia mkoa mwingine.

Hawa ni vibarua, si waajiriwa. Inabadilisha kitu?

Jina ulilowapa halibadilishi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inamhesabu mtu kuwa mfanyakazi likiwapo hata jambo moja kati ya kadhaa yaliyoorodheshwa. Miongoni mwake: wewe ndiye unayempangia namna ya kufanya kazi au saa za kazi, wewe ndiye unayempa vifaa, anakutegemea wewe kwa kipato, au amekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 kwa mwezi ni siku tano au sita tu. Kijana anayekuja kila Jumamosi na siku nyingine moja moja ameshafika hapo.

Fundi halisi wa kujitegemea yupo pia. Anakuja na vifaa vyake, ana wateja wengine, anakupa bei ya kazi nzima. Huyo si wa kwenye orodha ya mishahara, ingawa malipo ya huduma yana kodi yake ya zuio, na hilo ni somo jingine.

Tarehe za mwisho ni zipi?

PAYE ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Ya Machi, kwa mfano, mwisho ni tarehe 7 Aprili. NSSF na WCF zina nafasi ya mwezi mzima unaofuata, lakini sioni faida ya kutenganisha. Fedha ya makato ikikaa kwenye akaunti ya biashara wiki tatu itanunua bidhaa, na mwisho wa mwezi haipo. Siku unayolipa mishahara, toa namba za kumbukumbu za malipo zote, zile tunazoziita kontrol namba, na lipa siku hiyo hiyo.

Kulipa peke yake hakujamaliza. TRA inataka taarifa ya makato ya mwezi, na NSSF inataka orodha inayoonyesha kila mwanachama na mchango wake. Fedha bila orodha haina mwenyewe.

Nimelipa NSSF na risiti ninayo, lakini mfanyakazi anasema haoni mchango. Imekuwaje?

Karibu kila mara tatizo liko kwenye orodha, si kwenye fedha. Namba ya uanachama imekosewa tarakimu moja, au jina kwenye NSSF halifanani na la NIDA, au mwezi wa mchango umeandikwa tofauti na mwezi uliolipiwa. Mfuko umepokea fedha kutoka kwako, lakini haujui iende akaunti ya nani.

Kwa upande wako kila kitu kinaonekana sawa, ndiyo maana kosa linaweza kudumu miaka. Njia ya kuligundua ni moja: baada ya malipo ya kwanza, mwombe mfanyakazi afungue taarifa yake ya michango na mhesabu pamoja. Mwezi unaokosekana ufuatilie wakati huohuo, ukiwa na risiti na orodha uliyopeleka. Kurekebisha mwezi mmoja ni barua moja. Kurekebisha miaka minne kwa mtu anayetaka mafao yake kesho ni ugomvi.

Nilimkopesha mfanyakazi, au ameharibu mali. Naweza kukata tu?

Kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira kinaruhusu makato yanayotokana na sheria, amri ya mahakama, mkataba wa pamoja, au makubaliano ya maandishi na mfanyakazi. Mkopo kwa hiyo unahitaji karatasi iliyosainiwa kabla ya kukata, yenye kiasi cha kila mwezi.

Hasara ni ngumu zaidi. Lazima iwe imetokea kazini kwa kosa lake, umweleze sababu kwa maandishi, umpe nafasi ya kubisha, usidai zaidi ya hasara yenyewe, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. "Kaunta imepungua 40,000, nimekata" haipiti hata hatua ya pili.

Kwa vyovyote vile, makato haya yanatoka baada ya NSSF na PAYE. Hayapunguzi kodi.

Na mkopo wa elimu ya juu?

Kama mmoja wao alisomeshwa na Bodi ya Mikopo na bado anadaiwa, unakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi na kuipeleka Bodi. Kwa fundi wetu, kama 800,000 yote ni mshahara wa msingi, ni 120,000, naye anabaki na 540,000. Mwulize siku ya kuajiri. Sheria inakutaka uitaarifu Bodi ndani ya siku 28 unapoajiri mnufaika, na mfanyakazi akikatwa ghafla mwezi wa nne atadhani umemwibia.

Kumbukumbu gani nitunze, na kwa muda gani?

Kwa kila mfanyakazi fungua jalada moja: mkataba au maelezo ya ajira yaliyosainiwa, nakala ya NIDA, namba zake za NSSF na TIN, barua za kupandishwa mshahara, makubaliano ya makato, na fomu za likizo. Kwa kila mwezi fungua jalada jingine lenye orodha ya mishahara, nakala za salari slipu, uthibitisho wa malipo wa benki au simu, na risiti za NSSF, TRA na WCF zikiwa na orodha zilizokwenda nazo. Mahudhurio yakae humo pia, kwa kuwa ndiyo ushahidi pekee wa saa za ziada na siku ambazo mtu hakuja.

Salari slipu si hisani. Mfanyakazi ana haki ya kupewa maelezo ya maandishi ya mshahara na makato yake kila anapolipwa. Ukimlipa taslimu, asaini nakala.

Muda ni miaka mitano. Sheria ya kodi na ya kazi zote zinataja mitano, ila kuna tofauti moja inayosahauliwa: maelezo ya ajira ya mtu yanatunzwa miaka mitano tangu *aondoke*. Mkataba wa mtu uliyemwajiri 2019 akaondoka 2025 hauchomwi moto kabla ya 2030, hata kama una umri wa miaka kumi na moja.

Ukigundua kosa la mwezi uliopita, usiifungue orodha ya zamani na kubadilisha namba. Acha ilivyo, na weka mstari wa marekebisho kwenye mwezi huu wenye maelezo mafupi, kisha rekebisha taarifa iliyopelekwa TRA au NSSF kama inahitajika. Orodha iliyobadilishwa haitalingana tena na risiti, na mkaguzi huanza hapo hapo: anachukua jumla ya mishahara kwenye hesabu zako za mwaka, anailinganisha na jumla iliyokwenda NSSF, kisha na iliyokwenda TRA. Namba tatu zikitofautiana, utaulizwa. Bora ujilinganishe mwenyewe kila Juni na Desemba.

Ajali ikitokea kazini?

Mpeleke hospitali, kisha itaarifu WCF. Una siku saba tangu upate habari. Hapa ndipo utaona maana ya zile 5,500: kama umesajiliwa na unachangia, matibabu na fidia ni ya Mfuko.

Mmoja akiondoka?

Mshahara wa mwisho unapita hesabu ileile, pamoja na malipo ya siku za likizo alizokuwa hajazitumia, ambayo nayo yanakatwa kodi. Mpe cheti cha utumishi, anastahili kwa mujibu wa sheria hata mkiachana vibaya. Kwenye orodha ya NSSF ya mwezi unaofuata mwondoe na onyesha tarehe aliyoacha kazi, la sivyo Mfuko utaendelea kukusubiri ulete mchango wa mtu ambaye hayupo.